Shajara: mfasiri wa mkataba wetu wa zabibu, Januari hadi Machi 2025

Mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa zabibu, vijiji vya pembeni mwa Dodoma mjini. Tuko wanachama 63. Mnunuzi wa kutoka nje ya nchi alituletea rasimu ya mkataba kwa Kiingereza, na bodi ikaamua kwamba hakuna atakayepiga kura juu ya kitu asichokielewa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mtu wa kuufasiri. Ninaandika kila hatua inapoisha ili chama kingine kisirudie niliyoyafanya wiki ya kwanza.

Jumatatu, 6 Januari

Rasimu imeingia kwenye barua pepe: kurasa 14 za maandishi madogo, pamoja na viambatisho vitatu. Cha kwanza kinaeleza ubora wa zabibu, cha pili kina ratiba ya mizigo, cha tatu ni orodha ya wanachama wote, kila mmoja na ukubwa wa shamba lake, namba ya simu na namba ya akaunti. Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe 8 Februari, na tangazo tumeshalibandika. Nikajiona nina muda wa kutosha.

Alhamisi, 9 Januari

Nimempa kijana mmoja wa mjini anayefanya kazi hizi. Shilingi 8,000 kwa ukurasa, kurasa 14, jumla 112,000. Maelekezo yangu yote yalikuwa ujumbe mmoja wa WhatsApp: "Mdogo wangu, nitafsirie huu mkataba kwa Kiswahili rahisi, haraka iwezekanavyo, wakulima wasome." Faili nililibandika hapohapo lilivyo. Nimeunakili ujumbe huo hapa kwa sababu karibu kila lililoharibika baadaye chanzo chake ni hiyo sentensi moja.

Jumanne, 14 Januari

Tafsiri imerudi, tumeisoma kwenye kikao cha bodi. Kijana hakuwa mvivu na Kiswahili chake kinateleza vizuri. Tumekwama sehemu nne.

Ya kwanza ilituchekesha. Kiambatisho cha ubora kilisomeka: "Zabibu ziwe na nyuzi joto zisizopungua 20." Mama mmoja wa bodi akauliza tutazipasha joto kwa jiko la nani. Hapo kinachozungumzwa ni briksi, yaani kipimo cha sukari kwenye juisi. Briksi moja ni gramu moja ya sukari katika gramu mia za juisi. Kila mkulima wetu aliyewahi kudondosha tone la zabibu kwenye kipima sukari anakijua, anasema tu "sukari 20". Mfasiri aliona alama ya nyuzi, akadhani ni joto.

Ya pili haikuchekesha. Mizigo ifike kituoni "kabla ya saa 10 asubuhi". Kwa Kiingereza ni saa kumi kwa hesabu yao, ambayo kwetu ni saa 4 asubuhi. Anayesoma Kiswahili ataelewa saa 10 alfajiri, wakati ambapo hata mchuma zabibu bado amelala. Kwa makosa ya aina hii gari linaweza kutumwa usiku bure, au mkulima akaona masharti hayatekelezeki akapiga kura ya hapana.

Ya tatu ni neno "chama". Kwa Kiingereza neno linalotaja upande mmoja wa mkataba ndilo hilohilo la chama cha siasa. Mfasiri akaandika "chama" kila mahali, na sisi wenyewe ni chama cha ushirika. Kifungu kimoja kikasomeka "chama kitakiarifu chama kingine ndani ya siku saba". Nani anamwarifu nani?

Ya nne ndiyo iliyosimamisha kikao. Neno "dhamana" lilikuwa limejaa kurasa tatu mfululizo. Mzee mmoja, mjumbe wa bodi, akanyanyua mkono: "Katibu, hapa naahidi kwamba sikupuliza dawa siku 21 kabla ya kuvuna, pameandikwa dhamana. Pale mbele, kreti zao zikipotea, dhamana ni mavuno yangu. Sasa nikikosea dawa, wanachukua shamba?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye Kiingereza nikakuta maneno matatu tofauti yaliyomiminwa kwenye neno letu moja: ahadi kwamba mali iko hivi na hivi, ahadi ya chama kumbebea mwanachama deni lake, na mali inayowekwa ili mdai aishike. Kiswahili cha kila siku kinayaita yote dhamana, tena na ya polisi humohumo. Kwenye mazungumzo haidhuru. Kwenye mkataba ndipo mzee wa watu anapodhani ameweka shamba lake.

Alhamisi, 16 Januari

Leo nimepigiwa simu na dalali wa zabibu ninayemfahamu. Amenitajia bei ya kilo iliyo kwenye rasimu yetu, mpaka senti.

Nilimfuata kijana. Hakuficha: kompyuta yake iliharibika, akafanyia kazi steshenari, akalifungua faili kwa WhatsApp kwenye kompyuta ya pale na kuchapisha nakala ya kusahihishia. Faili lilibaki kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mteja. Hakuiba kitu, na mimi sikumwambia kwamba ni siri. Nimemlipa hela yake yote.

Jioni nikafungua barua ya mnunuzi iliyokuja na rasimu, ile ambayo sikuisoma mpaka mwisho. Imeandikwa kwamba rasimu ionwe na viongozi wa chama na washauri wao wa sheria tu. Mfasiri hakutajwa. Kwa hiyo nilikuwa nimekiuka masharti siku ile niliyobonyeza kutuma, hata kama steshenari isingekuwepo. Na kwenye faili hilohilo kulikuwa na simu na akaunti za watu 63, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde. Mfasiri alikuwa na haja gani na namba ya akaunti ya mtu?

Nimemwandikia mnunuzi nikamweleza yaliyotokea na kumwomba kibali cha kutumia mfasiri. Barua hiyo nimeirudia mara tano kabla ya kuituma.

Jumatatu, 20 Januari

Mnunuzi amejibu kwa ukali kiasi, lakini amekubali, kwa sharti kwamba mfasiri atie saini hati ya usiri kabla hajaona chochote. Leo nimeandika hati ya kazi upya. Imekuwa kurasa mbili. Nyingine ni kawaida, nitaeleza zile sehemu zilizonigharimu mawazo.

Kabla ya maelekezo yoyote nililisafisha faili. Kiambatisho cha majina nimekitoa chote. Bei nimeiondoa nikaweka [BEI], jina la mnunuzi nimeweka [MNUNUZI], namba ya akaunti ya chama [AKAUNTI]. Mfasiri atayaacha mabano hayo yalivyo, nami nitarudisha maneno yake mwishoni. Hii imeniliwaza kuliko hati ya usiri yenyewe, maana mtu hawezi kuvujisha asichokuwa nacho.

Usiri nimeuandika kwa vitendo, kwa sababu "uwe msiri" kila mtu anakubali. Afanye kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe yenye neno la siri. Asichapishe nje ya nyumba au ofisi yake. Asimpe msaidizi bila kuniuliza kwanza. Faili litumwe kwa barua pepe likiwa limefungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe nimtajie kwa simu. Siku 14 baada ya malipo afute nakala zote na kuniandikia kwamba amefuta. Ruhusa moja nimeiacha wazi: anaweza kubaki na orodha ya istilahi, kwa kuwa hiyo ni ujuzi wake na haina siri ya mtu.

Upeo wa kazi niliudhania rahisi mpaka nilipozungumza na wakili wa chama. Alianza kwa kuniuliza: "Hiyo tafsiri ni ya nini?" Rasimu ina kifungu kinachosema Kiingereza ndicho kitakachotawala zikitofautiana. Nikamwambia mbona tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu? Akasema ni kweli, ila hilo haliwazuii watu wawili kukubaliana nakala ipi itawale kati yao. Maana yake tafsiri yetu ni ya kuelewa, na haiwezi kuurekebisha mkataba. Panapokuwa na utata kwenye Kiingereza, utata ubaki kwenye Kiswahili na mfasiri auwekee alama. Akiusawazisha kwa wema wake, mkulima atapigia kura mkataba mzuri kuliko ule atakaotia saini.

Sentensi hiyo nimeiweka kwenye hati ya kazi kama ilivyo. Ya WhatsApp, "Kiswahili rahisi", nimeifuta, maana urahisi niliouomba ndio ulioyaunganisha maneno matatu kuwa dhamana moja. Badala yake nimeandika msomaji ni nani: mkulima mtu mzima aliyemaliza darasa la saba, atakayesomewa kwa sauti.

Bei safari hii ni kwa neno la Kiingereza, siyo kwa ukurasa. Kurasa 14 za mnunuzi, kwa wafasiri wanaohesabu maneno 250 kwa ukurasa, ni kurasa 22, na ugomvi huanzia hapo. Faili lililosafishwa lina maneno 5,400. Kila mtu anayaona chini ya Word, hakuna wa kubishana naye.

Alhamisi, 23 Januari

Nimewapata wawili kwa kuulizia, mmoja anakaa Area C hapa Dodoma, mwingine yuko Arusha. Wote wametia saini hati ya usiri, na kila mmoja nimempa kipande kilekile cha maneno 200 ajaribu, kwa malipo ya 20,000. Nilichagua kipande chenye mitego: kina saa, kina ahadi ya dawa, kina kreti.

Wa Arusha alirudisha ndani ya saa mbili, Kiswahili safi, bila swali. Saa aliiandika sawa. Dhamana ilikuwa ileile.

Dada wa Area C alichukua siku nzima na kurudisha nusu ukurasa wa maswali. La kwanza: "Kaka, mnunuzi hapa 'anaweza' kukataa mzigo, au 'anatakiwa' kuukataa? Kiingereza chenu kinasema anaweza. Nikiandika 'atakataa' nitawabadilishia mkataba." Nimempa yeye kazi. Shilingi 100 kwa neno, 540,000.

Kabla hatujapeana mkono tumeelewana kuhusu kodi. Sisi kama chama tunakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, yeye alidhani 540,000 ni ya kuingia mkononi. Tumeandika wazi kwamba ni kabla ya makato. Jambo la dakika mbili likisemwa leo.

Ratiba tumeihesabu kurudi nyuma. Mkutano ni tarehe 8 Februari. Bodi isome kwa sauti tarehe 5. Nakala ya mwisho tarehe 4, rasimu tarehe 30 Januari, istilahi zipitishwe tarehe 25. Yeye anasema kwa mikataba hufanya maneno kama 1,300 kwa siku, akizidisha anaanza kuona mauzauza. Maneno 5,400 ni siku nne na kidogo, bado kupitia. Nafasi imebaki ndogo sana, na hizo siku zote zilizopotea nilizipoteza mimi.

Jumamosi, 25 Januari

Kikao cha istilahi: mimi, mfasiri, wakili kwa simu, na yule mzee wa swali la shamba. Mzee nimemwita makusudi. Tuliyokubaliana:

upande: kila mmoja wa wanaotia saini. "Chama" ni sisi peke yetu.
hakikisho: ahadi kuhusu hali ya zabibu, kama ile ya dawa.
udhamini: chama kumbebea mwanachama deni.
dhamana: mali inayoshikwa, yaani mavuno kwa ajili ya kreti. Shamba halimo.
lazima / ana haki ya / haruhusiwi: kwa wajibu, hiari na katazo. "Ata-" peke yake isitumike, kwa sababu "atalipa" inaweza kuwa amri au utabiri.
sukari 20 kwa kipima sukari (briksi): maneno yote pamoja, mara ya kwanza.
saa: kwa hesabu ya Kiswahili, ikifuatiwa na asubuhi, mchana au jioni.

"Hakikisho" ilitaka kukwama. Wakili alipendelea "dhamana ya ubora", akisema ndivyo watu wanavyoandika. Mzee akamjibu kwa simu, taratibu: "Mwanangu, ukiniandikia dhamana mimi nasikia hati ya shamba." Wakili akakubali, ila akataka kila neno kati ya hayo matatu lifafanuliwe kwenye kifungu cha kwanza cha tafsiri.

Jumanne, 28 Januari

Balaa. Mnunuzi ametuma rasimu mpya, "marekebisho madogo". Mfasiri ameshavuka nusu.

Hakuna aliyetaja marekebisho ni yapi. Nimefungua Word, `Review > Compare`, nikaweka ya zamani na mpya. Sehemu 11 zimebadilika. Nane ni nukta na tahajia. Tatu ni za maana, mojawapo ni siku za malipo, ambazo kutoka 30 zimekuwa 45. Huwezi kuita hilo dogo kwa mtu anayedaiwa na vibarua wa kuchuma.

Hati ya kazi ilikuwa na mstari mmoja uliotuokoa: mabadiliko baada ya kazi kuanza yatalipwa kwa neno lililobadilika, kwa bei ileile. Maneno 310, shilingi 31,000, hakuna ugomvi. Nimemwandikia mnunuzi kwamba kuanzia leo maandishi yamefungwa mpaka mkutano upite. Hilo nilipaswa kumwambia tarehe 20.

Alhamisi, 30 Januari

Rasimu imefika, pamoja na karatasi ya maswali tisa. Saba tumeyamaliza kwa simu. Mawili ni makosa ya Kiingereza chenyewe, ambayo mimi, bodi na wakili tuliyapita bila kuyaona. Kifungu cha adhabu kinarejea kifungu 9.2, na 9.2 haipo. Kingine ni kikubwa zaidi: kwenye mkataba tani kwa msimu ni 40, kwenye kiambatisho cha ratiba mizigo ikijumlishwa inafika 45. Hakuzirekebisha. Aliandika 40 na 45 kama zilivyo, akaziwekea rangi ya njano.

Tofauti ni tani tano za zabibu ambazo tungeweza kudaiwa. Nimezipeleka kwa mnunuzi leo hii. Nilikuwa nimesema maandishi yamefungwa, nimeyafungua mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Mnunuzi amekubali ni 40. Bodi imesoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, saa mbili na nusu. Kusoma kwa sauti kumeonyesha sentensi tatu ambazo msomaji alikata pumzi kabla ya kufika kwenye kitenzi. Mfasiri amezikata vipande usiku uleule bila kudai zaidi. Nimerudisha bei na majina kwenye mabano, kisha nikahesabu mabano yaliyobaki: sifuri.

Jumamosi, 8 Februari

"Mbukwenyi," mwenyekiti akaanza, na kikao kikaenda mpaka jua likawa la utosi. Maswali mengi yalihusu siku 45 za malipo, na mkutano umezikataa: wamepitisha mkataba kwa sharti la kurudi 30. Swali la shamba halikuulizwa na mtu yeyote. Nakala zilizogawiwa zimehesabiwa na kukusanywa, moja haikurudi mpaka saa 11 jioni. Ilikuwa imefungiwa karanga.

Jumatatu, 24 Februari

Mkataba umesainiwa, siku 30. Tafsiri imeambatanishwa, Kiingereza kinatawala. Hapo mnunuzi hakusogea. Mfasiri amelipwa 571,000 toa 28,550 ya zuio, akapokea 542,450. Wakili 150,000. Jaribio la wafasiri wawili 40,000. Tafsiri ya kwanza 112,000. Jumla 873,000, na hiyo 112,000 haijumuishi bei iliyofika kwa dalali. Muhuri wa BAKITA hatukuuhitaji kwa kuwa tafsiri ni ya kusomea wanachama. Kama ingekuwa ya kupeleka kwenye ofisi au mahakama ningeulizia mapema, siyo baada ya kazi kuisha.

Ujumbe wa kufuta nakala tunausubiri. Nimeuandika kwenye kalenda.

Jumatatu, 17 Machi

Ujumbe wa kufuta ulikuja siku ya 12. Leo nimesindikiza mzigo wa kwanza, umefika saa 3 na robo asubuhi. Kreti za mkulima mmoja zimesoma sukari 19. Karani wa kituo akaziweka pembeni: "Mkataba unasema lazima nikatae." Nikafungua nakala yetu kifungu cha nne, nikamwonyesha: mnunuzi ana haki ya kukataa. Akafungua ya Kiingereza, akasoma, akasoma tena, akampigia bosi wake. Kreti 18 zimepokelewa kwa bei iliyopunguzwa, na mwenye nazo ameondoka na hela badala ya kurudi nazo kijijini juani.